Tangazo Lijulikane Kuwa ni Tangazo

Posti ya kulipiwa ni posti yoyote ambayo aliyeiweka amepata, au ameahidiwa, kitu cha thamani kutoka kwa mwenye bidhaa inayosifiwa humo. Kitu hicho kinaweza kuwa fedha taslimu, pesa iliyotumwa kwa simu, bidhaa ya bure, chumba cha hoteli, tiketi ya ndege, au kamisheni kwa kila mteja atakayenunua kupitia kiungo au kuponi fulani. Hata udugu na ajira vinahesabika. Mfanyakazi anayeisifu sabuni ya mwajiri wake bila kusema kwamba anafanya kazi hapo anamficha mtazamaji jambo ambalo lingebadilisha namna anavyoyapokea maneno yake. Kipimo chenyewe ndicho hicho. Tume ya Biashara ya Shirikisho nchini Marekani, FTC, ambayo miongozo yake ndiyo inayotajwa zaidi katika suala hili, huita hali hiyo uhusiano wa kimaslahi. Swali lake ni moja: je, mtazamaji angeijua habari hii, angeipima sifa hii kwa namna nyingine? Kama jibu ni ndiyo, sharti aambiwe, na aambiwe kwa namna ambayo hawezi kuikosa.

Tangazo la redioni au la kwenye televisheni hujitambulisha lenyewe. Kipindi hukatika, muziki hubadilika, sauti ya mtangazaji huwa nyingine, na msikilizaji anajua kwamba sasa anauziwa kitu. Kwenye simu hakuna mkatiko huo. Sifa ya mafuta ya nywele huja katikati ya picha za harusi ya binamu na salamu za rafiki, kwa sauti ileile ambayo mfuasi ameizoea kwa miaka. Nguvu ya tangazo la aina hii inatokana na mazoea hayo, na hatari yake pia.

Kesi ya gauni moja

Kesi inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko nyingi ni ya Lord & Taylor, duka kubwa la nguo la Marekani. Mwezi Machi 2015 duka hilo lilikuwa linatambulisha mkusanyo mpya wa nguo ulioitwa Design Lab. Liliwachagua wanawake 50 waliokuwa na wafuasi wengi Instagram kwa habari za mitindo, likampa kila mmoja gauni lilelile moja, na kumlipa kati ya dola 1,000 na dola 4,000. Masharti yalikuwa wapige picha wakiwa wamevaa gauni hilo, kila mmoja kwa mtindo anaoupenda, kisha waziweke picha hizo katika wikiendi moja. Mkataba uliwataka wamtaje @lordandtaylor na kuandika #DesignLab. Duka lilizipitia posti kabla hazijawekwa, na baadhi ya maelezo liliyahariri lenyewe.

Wikiendi hiyo picha za gauni hilo ziliwafikia watumiaji milioni 11.4 wa Instagram, na gauni likaisha dukani. Hakuna hata posti moja iliyosema kwamba mvaaji amelipwa. Mkataba haukuwataka waseme, na duka lilipokuwa linahariri maelezo halikuongeza neno hilo. Zaidi ya hapo, duka lilikuwa limelipia makala kuhusu mkusanyo huo katika jarida la mtandaoni la Nylon, likaisoma na kuiidhinisha kabla haijatoka, na msomaji hakudokezwa lolote.

FTC ilifikia makubaliano na duka hilo Machi 2016. Duka halikutozwa faini, lakini lilifungwa na amri ya kutowapotosha tena wateja kuhusu nani amelipwa, na kutakiwa kuwafuatilia watu linaowalipa. Katika kesi hii aliyeshtakiwa ni mwenye bidhaa, wala si wanawake 50 waliovaa. Jambo hili linawapita wafanyabiashara wengi wanaodhani kwamba kutangaza malipo ni shughuli ya mwenye akaunti peke yake. Miongozo ya FTC iliyofanyiwa marekebisho 2023 inasema wazi kwamba mwenye bidhaa, anayesifu, na hata wakala aliyewaunganisha wote wanaweza kuwajibika.

Na kilichokosekana hakikuwa jina la duka. Jina lilikuwepo, hashtegi ilikuwepo. Mtazamaji aliweza kuona kwamba gauni ni la Lord & Taylor, ila hakuweza kuona kwamba wanawake 50 aliowaona hawakulipenda gauni lilelile katika siku zilezile kwa bahati. Kumtaja mwenye bidhaa si sawa na kusema kwamba ndiye aliyelipa.

Mahali pa kuandika

Kesi ya pili ilikuja miezi michache baadaye. Warner Bros. ilikuwa imewalipa watengenezaji wa video YouTube mwishoni mwa 2014 ili waisifu gemu yake ya Shadow of Mordor. Malipo yalianzia mamia ya dola hadi makumi ya maelfu, na miongoni mwa waliolipwa alikuwemo PewDiePie, ambaye video yake pekee ilitazamwa zaidi ya mara milioni 3.7. Hapa kampuni iliwaelekeza watengeneza video wataje udhamini, tena kwa maandishi. Lakini iliwaelekeza waandike kwenye kisanduku cha maelezo chini ya video, na mara nyingi maneno hayo yakawa chini ya alama ya `Show more`. Asiyebonyeza hapo hakuyaona, na video ilipowekwa kwenye Facebook au Twitter hayakuonekana kabisa. FTC iliona kwamba maneno yaliyofichwa namna hiyo hayakumfikia mtazamaji, na Julai 2016 kampuni ikakubali amri inayofanana na ile ya duka la nguo.

Kutokana na kesi kama hizi, mahali pamekuwa na uzito sawa na maneno yenyewe. Kwenye posti ya picha, maelezo yanayoonekana kabla ya mtu kubonyeza `more` ni kama mistari miwili tu, na neno la kutangaza malipo linapaswa kuwa humo, mwanzoni. Likiwekwa mwishoni, katikati ya hashtegi kumi na tano, limekwisha kufichika. Likiwekwa kwenye wasifu wa akaunti, kwamba ‘hufanya kazi na makampuni mbalimbali’, halisaidii, kwa sababu mtu huiona posti bila kuufungua wasifu. Kwenye stori, ambayo picha yake hupita kwa sekunde chache, maneno huandikwa juu ya picha yenyewe, kwa rangi inayoachana na mandhari na kwa ukubwa unaosomeka. Kwenye video husemwa ndani ya video, kwa mdomo na kwa maandishi, maana wapo wanaotazama bila sauti na wapo wanaosikiliza bila kutazama. Kwenye matangazo ya moja kwa moja hurudiwa kila baada ya muda, kwa ajili ya wanaoingia katikati.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mwongozo wa FTC unataka malipo yatangazwe kwa lugha ileile inayotumika kusifia. Mpishi anayezungumza Kiswahili dakika tatu nzima, kisha akaandika ‘#ad’ pembeni, amewaambia wachache. Wafuasi wake wengi wanaijua alama hiyo kwa mazoea, lakini shangazi aliyejiunga mwaka jana ili kujifunza kupika vitumbua haijui, na huyo ndiye anayehitaji kuambiwa kuliko wote. ‘Tangazo’, ‘Tangazo la kulipiwa’, ‘Nimelipwa na duka fulani’, ‘Nimepewa bure na duka fulani’: haya kila mtu anayaelewa. Maneno yanayotatiza ni yale yanayodokeza urafiki na kunyamaza kuhusu malipo. ‘Asanteni sana’ inaweza kuwa shukrani ya mteja yeyote. ‘Collabo’ inaweza kuwa wimbo wa watu wawili. ‘Balozi’ peke yake haisemi kama balozi huyo anapata mshahara. ‘Nimeletewa zawadi’ ina walakini mkubwa zaidi pale zawadi ilipokuja na masharti ya kuposti mara tatu.

Vitufe vya mitandao yenyewe

Mitandao mikubwa ina vifaa vyake vya kutangaza malipo, na kuvitumia ni sharti la mkataba ambao kila mwenye akaunti aliukubali alipojiunga. Instagram ilianza kuweka lebo ya `Paid partnership` mwaka 2017. Anayetayarisha posti huifikia kwenye ukurasa wa mwisho kabla ya kuposti, anachagua `Add paid partnership label`, kisha anataja akaunti ya mwenye bidhaa. Lebo hutokea juu ya picha, chini ya jina la mwenye akaunti. Meta, yenye Instagram na Facebook, inahesabu zawadi za bure kuwa malipo. Tena kuna bidhaa ambazo lebo haizihalalishi: tangu Desemba 2019 Meta ilitangaza kwamba posti za kulipiwa zinazotangaza tumbaku, sigara za kielektroniki au silaha haziruhusiwi kabisa.

YouTube ina kisanduku cha kutia alama katika maelezo ya video, sehemu ya `Paid promotion`. Kikitiwa alama, maneno `Includes paid promotion` huonekana kwa sekunde 10 mwanzoni mwa video. Sekunde 10 zinatosha kwa anayeanza mwanzo. Kwa video ya dakika 20 ambayo sifa za mdhamini zinakuja dakika ya 12, mtengenezaji makini huyasema tena pale pale.

TikTok inaenda mbali kidogo, kwa kutenganisha mambo mawili. Katika mipangilio ya `Content disclosure and ads` kuna chaguo la `Your brand`, kwa anayetangaza biashara yake mwenyewe, na chaguo la `Branded content`, kwa aliyelipwa na mwingine. La kwanza hutoa lebo ya `Promotional content`, la pili hutoa `Paid partnership`. Mama anayeuza vitenge vyake kwenye akaunti yake anahitaji la kwanza. Mtu aliyelipwa kuvivaa anahitaji la pili. Video iliyolipiwa bila kuwekewa alama inaweza kuondolewa, au kunyimwa nafasi katika ukurasa wa `For You`.

Hapo TikTok kuna kikwazo ambacho ndicho chanzo cha watu wengi kuikwepa lebo. Video ya kibiashara inatakiwa itumie muziki ulioruhusiwa kwa biashara, uliomo katika `Commercial Music Library`. Wimbo wa bongo fleva unaovuma wiki hiyo huenda haumo. Mtengenezaji anayezima lebo ili apate kuutumia wimbo anavunja masharti mawili kwa mpigo, la kutangaza malipo na la haki za muziki, na video inaweza kuzimwa sauti wakati mteja tayari ameilipia. Hofu nyingine, kwamba lebo hupunguza watazamaji, TikTok yenyewe inaikanusha: inasema kuwasha mpangilio huo hakuathiri usambazaji wa video.

Lebo ya mtandao, hata hivyo, si mwisho wa wajibu. FTC inatahadharisha kwamba mtu asidhani kifaa cha mtandao kinatosha peke yake. Maandishi yake ni madogo, na video ikipakuliwa na kurushwa kwenye WhatsApp lebo inabaki nyuma. Kwa Afrika Mashariki, ambako video nyingi husambaa hasa kwenye makundi ya WhatsApp, hiyo ni sababu tosha ya kulisema neno kwa mdomo ndani ya video.

Mfano wa blenda

Tuchukue mpishi wa Mombasa mwenye wafuasi 40,000, ambaye duka la vyombo vya jikoni linampa blenda na shilingi 20,000 za Kenya. Wanakubaliana afanye video moja itakayowekwa Instagram na TikTok, pamoja na stori tatu, na duka linampa kuponi itakayompa kamisheni. Mwenye duka anamwandikia: ‘Dadangu, usiandike kama ni tangazo. Nataka ionekane umeinunua mwenyewe.’ Ombi hilo ndilo tatizo zima. Analotaka kununua si nafasi ya kutangaza, anataka kununua ushuhuda wa mteja ambaye hayupo. Jibu linalofaa linaweza kuwa fupi: ‘Kaka, nitaitumia kweli na nitasema nilivyoiona, lakini lazima niseme mmenilipa. Ni masharti ya Instagram na TikTok, na wewe pia yanakuhusu.’ Sharti hilo huingizwa kwenye makubaliano ya maandishi, hata kama maandishi yenyewe ni ujumbe wa simu, likieleza neno gani litatumika na litakaa wapi.

Posti ambayo mpishi wengi wangeiandika ingeanza hivi: ‘Alhamdulillah, jikoni kumependeza! Nazi inasagika kwa dakika moja tu, tui zito kabisa. Asanteni sana…’, ikifuatiwa na jina la duka na msururu wa hashtegi wenye ‘#collabo’ mahali pa nane. Kila neno humo linaweza kuwa kweli, na bado mtazamaji ameachwa gizani. Ikiandikwa upya ingeanza: ‘TANGAZO. Duka hili limenipa blenda na kunilipa niijaribu. Nimesaga nazi mbili…’ Lebo ya `Paid partnership` inawashwa kote kuwili. Kwenye video anasema mwanzoni, kabla hajamimina nazi, ‘hii ni video ya kulipiwa’, na maandishi yanatokea chini kwa muda wa kutosha kusomwa. Kwenye kila stori kati ya zile tatu neno ‘Tangazo’ linaandikwa juu ya picha, kwa sababu anayeiona ya tatu huenda hakuiona ya kwanza. Kwenye kuponi anaongeza: ‘Ukinunua kwa kuponi hii napata kamisheni.’ Malipo ya awali na kamisheni ni maslahi mawili, na la kwanza likitajwa halilifuniki la pili.

Kisha linakuja swali la ukweli wa sifa zenyewe, ambalo lebo hailitatui. Kama blenda ilipata moto na kuzimika katikati ya kusaga karanga, hawezi kusema ni imara kwa sababu tu ameandika ‘Tangazo’ juu. Hawezi pia kusimulia uzoefu wa kifaa ambacho hajakifungua kwenye boksi. Na hawezi kudai jambo linalohitaji ushahidi ambao mwenye bidhaa hana. Kwa blenda madhara ni hasara ya fedha. Kwa dawa za asili zinazodaiwa kutibu kisukari, au krimu za kung'arisha ngozi, madhara yanafika mwilini. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na anayezisifu kwa malipo hasaidiwi na lebo yoyote.

Sheria nje ya mitandao

Tanzania na Kenya zina sheria za jumla zinazomlinda mnunuzi dhidi ya kupotoshwa. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha. Iliandikwa miaka 7 kabla Instagram haijaanzishwa, lakini upotoshaji ni upotoshaji, uwe kwenye bango au kwenye stori. Kenya ina Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambazo zote zinagusa madai ya uongo kuhusu bidhaa. Mswahili wa Ughaibuni anayetangaza akiwa London au Minneapolis, au anayewauzia watu wa huko, anakutana na sheria za huko pia. Uingereza wasimamizi wa matangazo, ASA, wanataka tangazo litambulike waziwazi kuwa ni tangazo.

Baadhi ya bidhaa zina masharti makali zaidi, na mfano maarufu ni wa Kim Kardashian. Mwaka 2021 aliposti Instagram kuhusu sarafu ya kidijitali ya EthereumMax, na aliweka ‘#AD’. Wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, SEC, walisema haitoshi: kwa bidhaa ya uwekezaji sheria ilimtaka atangaze pia malipo aliyopewa, ambayo yalikuwa dola 250,000. Oktoba 2022 alikubali kulipa dola milioni 1.26. Anayelipwa kuwavuta watu kwenye sarafu za kidijitali au biashara ya fedha za kigeni anapaswa kujua kwamba kanuni za blenda hazimtoshi.

Siasa ni upande mwingine ambako malipo yaliyofichwa yana uzito wake. Uchunguzi wa Odanga Madung na Brian Obilo kwa ajili ya taasisi ya Mozilla, uliotolewa Septemba 2021, ulieleza jinsi watumiaji wa Twitter nchini Kenya walivyolipwa kati ya dola 10 na dola 15 kwa kampeni moja, ili kuzivumisha hashtegi za kisiasa na kuwashambulia majaji na wanaharakati. Msomaji aliona umati wa wananchi wenye hasira, na haukuwepo umati. TikTok haikubali siasa za kulipiwa hata zikiwekewa lebo.

Mtazamaji anaweza kugundua mengi mwenyewe. Akaunti kadhaa zinazosifu bidhaa moja katika siku zilezile kwa maneno yanayofanana, kuponi yenye jina la mwenye akaunti, kiungo kirefu chenye herufi za kufuatilia mauzo, sifa zisizo na kasoro hata moja: hizo ni dalili, ingawa si ushahidi. Mitandao ina sehemu ya kuripoti posti ya aina hiyo.

Aliyesahau kuweka lebo ana nafasi ya kurekebisha. Posti ya Instagram inaweza kuhaririwa na kuongezewa lebo baada ya kuwekwa, na kisanduku cha YouTube kinaweza kutiwa alama wakati wowote. Marekebisho hayo yanafaa kufanywa mapema, maana watazamaji wengi huja siku za mwanzo. Mkataba ukiisha, lebo haiondolewi kwenye posti ya zamani, kwa kuwa malipo yaliyoizaa hayakufutika. Na mpishi wa Mombasa akiendelea kuitumia blenda ileile mwaka unaofuata katika video ambazo hakuna aliyezilipia, hana haja ya kuwasha lebo kwa kuwa tu chombo kinaonekana mezani. Akianza kukisifu tena, sentensi moja inamtosha: blenda hii nilipewa na duka nilipofanya nao tangazo.